Nguzo kufupika si shida, shida ni kupishana

"Nguzo zote si zinabonyea kwa uzito? Basi jengo linashuka pamoja, shida iko wapi?"

Hazibonyei sawa jamani. Nguzo ya pembeni ina msongo mkubwa kuliko ukuta mnene wa lifti, na zege lililoelemewa linaendelea kufupika taratibu kwa miaka, sasa chukulia baada ya kumaliza ghorofa fulani nguzo ishuke 20 mm zaidi ya ukuta, boriti ya mita 4 inayowaunganisha inalala 1 kwa 200. Boriti ikiwa nusu ya urefu huo, mkazo wa kupinda unakuwa mara nne! Patisheni ya tofali nayo inapasuka mshazari, milango inakwama. Ndo maana tunaacha nafasi juu na pembeni ya patisheni, tunajaza kitu laini.