Njia, barabara, mtaa, kichochoro: kila moja lina kazi yake

Watu wengi wanayachanganya haya maneno halafu mgeni anapotea, mi naona njia rahisi ya kuyatofautisha ni kuangalia vitendo vinavyoambatana nayo. Njia unaifuata, barabara unaivuka, mtaani unaingia, kichochoro unakipenya halafu unatokea upande wa pili.

Chukua maelekezo haya: "Ukishuka kituoni vuka barabara, ingia mtaa wa pili kushoto, nyoosha mpaka msikitini, pembeni kuna kichochoro, penya hapo utatokea uwanjani, kuna njia imekatiza kwenye majani, ifuate hiyo hiyo." Barabara hapo ndo ile iliyotengenezwa, iwe ya lami au ya vumbi, magari yanapita. Njia haihitaji mtu wa kuichonga, nyayo tu zinatosha. Na kichochoro ni ule upenyo mwembamba kati ya nyumba na nyumba, wengine wanaita uchochoro, gari haliingii.

Sasa shida iko kwenye mtaa. Neno hili lina maana mbili, ni eneo wanakoishi watu na pia ni barabara inayopita humo ndani, na Tanzania mijini ni ngazi ya utawala kabisa chini ya kata, ina mwenyekiti wake. Kwa hiyo ukimwambia mtu "mtaa wa pili" anaweza kuhesabu kona mbili akaingia, au akaenda mpaka eneo lingine kabisa! Ukiona anauliza "mtaa upi, wa nani?" jua ameshaelewa vingine. Bora useme "kona ya pili kushoto" yaishe.

Ukiweka -ni mwishoni ndo utamu unazidi. "Niko njiani" maana yake safari imeanza sijafika, hata kama nimekaa ndani ya meli katikati ya bahari. "Niko barabarani" ni pale penyewe yanapopita magari, ndo maana tunasema ajali za barabarani. "Mtaani" mara nyingi si mahali tena bali ni watu na maisha yao, kama mtu akisema "mtaani wanasema bei imepanda".

Kwenye hadithi msimulizi anatumia hizi tofauti bila hata kuzieleza. Akisema mwizi "akaingia vichochoroni" msikilizaji anajua huyo keshapotea, kumpata ni kazi, lakini akisema "akatokea barabarani" unajua sasa yuko peupe, anaonekana na kila mtu. Na msafiri wa hadithi akitakiwa kuchagua anafika njia panda, sijawahi kusikia barabara panda, hata kama hapo zinakutana barabara kubwa za lami. Panda ni ile sehemu mti unapogawanyika matawi mawili, kama kijiti cha manati, ndo umbo lenyewe la pale anaposimama kujiuliza aende wapi.