Mtaji Ukisharudi, Hesabu Bado Haijaisha

Kwenye maombi mengi ya mikopo ya kilimo tunayopitia, mwombaji anakuwa ameshajibu swali moja kabla hajaulizwa: fedha hii itarudi baada ya muda gani? Ni swali zuri, na kila mtu kwenye kikundi anaweza kulifuatilia. Unachukua gharama ya kununua na kufunga kifaa, unaigawanya kwa fedha inayobaki mkononi kila mwaka, unapata idadi ya miaka. Wataalamu wanakiita kipimo hiki kipindi cha kurudisha mtaji. Shida inaanza pale kikundi kinapoweka vifaa viwili mezani, kikachagua kile kinachorudisha mtaji mapema, kisha kikafunga daftari.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa nyanya na vitunguu wanaovuta maji kutoka kisimani. Takwimu ni za kufundishia, lakini mpangilio wake ndio tunaokutana nao mara kwa mara. Kikundi kina njia mbili. Ya kwanza ni pampu ya petroli ambayo, pamoja na mipira yake, inagharimu shilingi 2,400,000. Ya pili ni pampu ya kuzamisha inayoendeshwa na paneli za sola. Hii, pamoja na paneli, fremu, tangi na kazi ya fundi, inafika shilingi 9,600,000.

Shamba ni lilelile na mavuno ni yaleyale. Kinachotofautiana ni fedha inayobaki baada ya kulipia umwagiliaji. Wakitumia sola, kikundi kinabaki na shilingi 3,200,000 kwa mwaka. Wakitumia petroli, lita 450 kwa mwaka kwa shilingi 3,000 kila lita zinameza 1,350,000. Oili, plagi na fundi vinaongeza 250,000 juu ya kile ambacho sola ingehitaji kwa matunzo. Jumla ni 1,600,000, kwa hiyo kinachobaki ni 1,600,000 nyingine.

Sasa gawanya. Petroli: 2,400,000 kwa 1,600,000 ni mwaka mmoja na nusu. Sola: 9,600,000 kwa 3,200,000 ni miaka mitatu. Kwa kipimo hiki petroli imeshinda, maana inarudisha mtaji kwa nusu ya muda wa sola, na vikundi vingi huishia hapo.

Lakini angalia kipimo kimetazama nini. Kwa petroli kimesoma miezi 18 ya kwanza, basi. Kwa sola kimesoma miaka mitatu, basi. Kila shilingi inayoingia baada ya hapo imehesabiwa kama haipo. Kama sola ingekufa siku ya kwanza ya mwaka wa nne, kipimo kingetoa jibu lilelile la miaka mitatu. Kama ingefanya kazi miaka 20, jibu lingebaki hilohilo. Anayetaka kujua kifaa kitamletea nini maishani mwake hawezi kupata jibu kwenye kipimo ambacho hakijui kifaa kinaishi miaka mingapi.

Na hapo ndipo pampu hizi mbili zinapoachana kabisa. Pampu ndogo ya petroli inayofanya kazi kila msimu, tuseme inachoka baada ya miaka mitatu. Maana yake imetumia nusu ya maisha yake kurudisha fedha yake yenyewe, ikabakiza miezi 18 ya kumnufaisha mkulima. Paneli za sola zilizofungwa vizuri huvuka miaka 20. Mota ya pampu haifiki huko, kwa hiyo tuweke kwamba itabadilishwa mwaka wa 8 kwa shilingi 2,500,000.

Ili kulinganisha kwa haki, lazima tutumie muda mmoja; hapa tuchukue miaka 12. Hili linasahaulika hata na watu wenye uzoefu: wanaweka miaka mitatu ya petroli kando ya miaka kumi na mbili ya sola na kutangaza mshindi, kana kwamba mwenye pampu ya petroli ataacha kilimo ikiharibika. Hataacha, atanunua nyingine. Kwa miaka 12 atanunua pampu nne, atumie shilingi 9,600,000, yaani gharama ileile ya sola, ila kwa vipande. Fedha atakayoingiza ni mara 12 ya 1,600,000, sawa na 19,200,000. Akitoa bei ya pampu zote nne, anabaki na 9,600,000. Mwenye sola ataingiza 38,400,000. Ukitoa 9,600,000 za mwanzo na 2,500,000 za mota, anabaki na 26,300,000.

Msomaji makini atasema shilingi ya mwaka wa 12 haiwezi kuwekwa sawa na shilingi ya leo, na ana haki. Kama kikundi kinaweza kupata asilimia 15 kwa mwaka kwa kuiweka fedha mahali pengine, au kinakopa kwa kiwango hicho, basi shilingi milioni moja itakayopatikana baada ya mwaka ina thamani ya takribani 870,000 leo, na ya miaka mingi mbele hupungua zaidi. Tukipunguza kila kiasi kwa kiwango hicho, kisha tukatoa gharama zote, tunapata thamani halisi ya sasa. Kwa petroli, pamoja na pampu zake nne, inafika karibu shilingi 2,980,000. Kwa sola inafika karibu 6,930,000. Pengo limepungua, lakini sola bado inazidi mara mbili, na sehemu kubwa ya ushindi wake imetoka kwenye miaka ambayo kipimo cha kwanza hakikuifikia.

Wapo wanaojaribu kukitengeneza kipimo hicho kwa kupunguza thamani ya fedha za kila mwaka kwanza, ndipo wahesabu mtaji unarudi lini. Wakifanya hivyo kwa asilimia 15, sola inarudisha mtaji baada ya miaka minne na miezi mitatu hivi. Hesabu imekuwa bora upande mmoja, wa thamani ya fedha kwa wakati. Upande mwingine haijagusa kitu: bado inasimama palepale mtaji unaporudi, na yaliyo mbele yanabaki gizani.

Kasoro hii haiumizi miradi mirefu tu. Inaweza pia kuupamba mradi mbaya, kwa sababu yanayofichwa baada ya mtaji kurudi si mapato peke yake, ni gharama pia. Ile mota ya mwaka wa 8 haikuonekana popote kwenye jibu la miaka mitatu. Kwa sola haikuharibu uamuzi. Lakini fikiria machimbo ya mchanga au kokoto yanayorudisha mtaji kwa miezi kumi, halafu mwishoni mwenye leseni anatakiwa kufukia mashimo na kurudisha ardhi katika hali inayofaa. Gharama hiyo inakuja mwisho kabisa, na kipimo kilishafunga macho muda mrefu.

Kwa miradi mirefu, mfano ulio wazi zaidi uko Pemba. Mkarafuu unaopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na ukitunzwa huendelea kuzaa kwa makumi ya miaka. Weka sharti kwamba mradi wowote urudishe mtaji ndani ya miaka minne, na hakuna mkarafuu hata mmoja utakaopandwa. Mti huo utakataliwa kabla mtu hajauliza bei ya karafuu wala rutuba ya shamba.

Hata hivyo sishauri mtu akitupe kipimo hiki. Kinajibu swali la kweli: fedha yangu itakuwa hatarini kwa muda gani? Kikundi kisicho na akiba, au kinacholima kwenye ardhi ya kukodi ambayo mwenyewe anaweza kuichukua mwaka ujao, kina sababu nzito ya kutaka mtaji urudi haraka. Gharama ya fedha nayo inabadilisha picha. Katika mfano wetu, sola inaendelea kuishinda petroli mpaka gharama ya fedha ifike kati ya asilimia 27 na 28 kwa mwaka. Ikizidi hapo, petroli inakuwa bora. Na kikundi kikikopa kwa asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 36 kwa mwaka hata kabla ya kulimbikiza riba, sola inaleta hasara ya zaidi ya milioni moja kwa thamani ya leo, wakati petroli inabaki na faida ndogo ya takribani 450,000. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu sola kuwa ghali, uliza kwanza ni mkopo upi unaoifanya iwe ghali.

Nikiwasikiliza waombaji, mara nyingi naona kwamba kikomo cha miaka miwili wanachojiwekea hakikutokana na pampu wala na shamba. Kimetokana na muda wa mkopo. Wamesikia mkopo ni wa miezi 24, wakahitimisha kwamba kifaa nacho lazima kirudishe mtaji ndani ya miezi 24. Hayo ni mambo mawili tofauti. Muda wa mkopo unaweza kuzungumzwa. Maisha ya paneli hayabadiliki kwa sababu ya ratiba ya marejesho.

Turudi kwenye namba. Kikundi kikikopa 9,600,000 zote kwa riba ya asilimia 15 inayopungua na salio, na kulipa mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, marejesho ya miaka minne ni kama 3,360,000 kwa mwaka. Shamba linatoa 3,200,000. Hapo mradi mzuri utashindwa kulipa, na watu watasema sola haifai. Kwa miaka mitano marejesho yanashuka hadi karibu 2,860,000, na kinabaki kiasi kidogo cha kupumulia. Lakini kikundi tayari kina 2,400,000 zilizokuwa zinunue pampu ya petroli. Kikizitoa kama mchango wake, kinakopa 7,200,000 tu. Kwa miaka mitatu kitalipa karibu 3,150,000 kwa mwaka, na msimu mmoja wa mvua mbaya unatosha kukiangusha. Kwa miaka minne kitalipa karibu 2,520,000 na kubaki na 680,000 hivi kila mwaka za mbegu, mbolea na dharura.

Kwa hiyo unapokuja na maombi, usituletee idadi ya miaka ya kurudisha mtaji peke yake. Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwaka, kuanzia siku ya kununua mpaka mwaka ambao kifaa kinachodumu zaidi kati ya unavyovilinganisha kitatupwa au kitauzwa chakavu. Andika kinachoingia, kinachotoka, na kila kitakachobadilishwa njiani pamoja na mwaka wake. Piga alama kwenye mwaka mtaji unaporudi, kisha endelea kujaza mistari iliyo chini ya alama hiyo kwa uangalifu uleule uliotumia juu. Kama huna uhakika na miaka ya mbali, punguza makadirio yake: andika mavuno madogo, weka mwaka mmoja wa ukame, weka mota ife mwaka wa 6 badala ya wa 8. Usiiache wazi, maana afisa anayesoma jedwali atachukulia mstari mtupu kuwa ni sifuri.