Sanduku la safari ndefu: anza kukagua zipu

Kazi yangu ni kukarabati mabegi hapa Mwanza, na wanaorudi kutoka nje ya nchi huniletea zipu kuliko kitu kingine chochote. Gurudumu likivunjika, sanduku utaliburuta kwa taabu lakini nguo zitafika. Zipu ikiachia, nguo zinabaki njiani.

Kuna mama wa Nyegezi aliyekuwa anakwenda Kanada kumwona mwanawe aliyejifungua. Alinijia na sanduku jipya la ganda gumu, bado lina nailoni ya dukani. "Fundi, likague kabla sijapakia," akaniambia. Ningependa wengi wafanye hivyo, kwa sababu sanduku tupu bado linaweza kurudishwa.

Zipu yake ilikuwa ya uzi wa nailoni uliosokotwa kama springi. Nikamwomba alifunge, aunganishe vichwa viwili vya zipu kwa kufuli lake dogo. Kisha nikachomeka ncha ya kalamu katikati ya uzi ule na kusukuma. Zipu ikafunguka, na kufuli liko palepale. Nikashika vichwa vile vikiwa bado vimefungwa pamoja, nikavipitisha juu ya sehemu iliyoachana, ikajifunga tena kama haijaguswa. Mama alinyamaza kwa muda. Kufuli hulinda vichwa vya zipu tu. Zipu ya safari ndefu iwe na safu mbili za uzi, moja juu ya nyingine, au iwe ya meno makubwa, maana hizo kalamu haizipenyi kirahisi.

Chungulia pia ndani, nyuma ya bitana, uone utepe wa zipu ulivyoshonwa kwenye ganda. Mshono ukiwa umekaribia sana ukingo wa plastiki, matundu ya sindano huwa kama mstari wa kuchania, na sanduku likijazwa kupita kiasi linapasuka hapohapo. Zipu inayoachana nyuma ya kichwa huwa naiponya kwa kukibana kichwa kidogo kwa koleo, kwa sababu mara nyingi ni kichwa kilichopanuka. Ganda lililochanika kwenye mshono sina dawa yake ya kudumu.

Ganda la mama lilikuwa la ABS. Nililibonyeza katikati kwa kidole gumba, likakunjamana na kuacha alama nyeupe. Plastiki hiyo ni ngumu lakini haipendi kupinda, na pembe zake ndizo hupasuka kwanza sanduku likitupwa. Polikaboneti, plastiki nyingine ya masanduku, ukiibonyeza inabonyea na kurudi. Kitambaa kizito cha nailoni nacho kinafaa, ila mvua ya hapa ikikukuta uwanjani vitu vitalowa.

Magurudumu niliyatazama harakaharaka. Manne yanayozunguka pande zote ni raha kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, ila yamejitokeza nje na hugongwa. Kama nyumbani kwako ni mlimani kwenye mawe, kama wengi wetu hapa, mawili makubwa yaliyozama kwenye mwili wa sanduku yatadumu zaidi. Angalia yamefungwa kwa skrubu au kwa riveti. La skrubu nalibadilisha kwa dakika chache, la riveti lazima nilitoboe.

Tulipofika kwenye uzito ndipo mama akaamua kulirudisha. Tiketi yake ya kwenda Kanada iliandikwa 2PC, yaani masanduku mawili, kila moja kilo 23. Lakini ya Mwanza hadi Dar aliikata peke yake, na hiyo ilisema 23K, kilo 23 kwa mizigo yote. Tiketi zikiwa mbalimbali, kila shirika la ndege hupima kwa kanuni yake, kwa hiyo alipaswa kupakia kwa kipimo kidogo au alipie ziada hapa Mwanza. Sanduku tupu lilikuwa na kilo 5.4, zikambakia 17.6 za vitenge na nguo za mjukuu.

Alirudi na la polikaboneti la kilo 3.9, zipu ya safu mbili. Akapata kilo 1.5 zaidi bila kulipa senti ya mzigo. Tulilipima kwa futikamba, kwa sentimita: urefu 75, upana 50, kina 32, magurudumu yakiwemo. Jumla sentimita 157, na mashirika mengi huishia 158. Lilikuwa na zipu ya pili ya kupanua kina kwa sentimita 5, na ukiifungua jumla inakuwa 162. Nikaishona ile zipu kwa nyuzi chache mwanzoni ili isifunguliwe kwa kusahau, nikamwonyesha pa kukata akifika kwa mwanawe.