Asilimia 2 inayogeuka 37: gharama ya kuacha punguzo la kulipa mapema

Kila ninapokaa na mhasibu wa biashara inayonunua kwa mali kauli, nasikia maneno yaleyale: "Punguzo lenyewe ni asilimia 2 tu, tutalipa mwisho wa mwezi." Asilimia hajakosea. Amesahau siku.

Chukua ankara ya 500,000 iliyoandikwa masharti "2/10, n/30". Maana yake ni kwamba ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2, la sivyo deni lote linadaiwa siku ya 30. Basi una njia mbili: kutoa 490,000 siku ya 10, au 500,000 siku ya 30. Mimi huiona 490,000 kuwa ndiyo bei halisi ya mali. Ile 10,000 ya juu ni riba, ingawa hakuna mahali ilipoandikwa hivyo. Unalipa 10,000 ili ukae na 490,000 za muuzaji kwa siku 20 zaidi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa mara mbili. Kwanza hugawa kwa 500,000, ilhali fedha wanayoishikilia ni 490,000. Pili huhesabu siku 30, kumbe zile 10 za mwanzo ni za bure kwa kila mtu, anayechukua punguzo na asiyechukua. Kanuni, p ikiwa asilimia ya punguzo, d siku ya mwisho ya punguzo na N siku unayolipa kweli, ni hii:

```
p / (100 - p) × 365 / (N - d)
2 / 98 × 365 / 20 = 0.372
```

Yaani asilimia 37.2 kwa mwaka. Ukitaka kuhesabu riba juu ya riba, kwa kuwa mchezo huu unaweza kurudiwa mara 18 na robo kwa mwaka, inafika takriban asilimia 44.6. Kwa uamuzi wa kila siku ile ya kwanza inatosha.

Mhasibu mmoja aliwahi kunibishia vizuri sana. Alisema: "Nanunua mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka napoteza 120,000 kwenye manunuzi ya 6,000,000. Hiyo ni asilimia 2, hiyo 37 umeitoa wapi?" Nikamwambia atazame deni badala ya manunuzi. Kwa mwaka anashikilia 490,000 mara 12, kila mara siku 20, jumla siku 240. Ukizitandaza kwenye siku 365, ni sawa na kudaiwa wastani wa 322,000 hivi mwaka mzima. Gawa 120,000 kwa deni hilo, na ile 37 inarudi palepale. Alikuwa anapima riba kwa kuilinganisha na mzigo wote ulioingia ghalani, si na mkopo wenyewe.

Angalia pia kuwa N ni siku unayolipa kweli, si ile iliyochapwa kwenye ankara. Anayelipa siku ya 15 amekosa punguzo kwa kuchelewa siku 5 tu, na riba yake ni karibu asilimia 149. Huyu ndiye ninayemhurumia kuliko wote, maana kwa kawaida fedha alikuwa nayo, ila ankara ililala mezani ikisubiri sahihi. Anayejivuta hadi siku ya 60 anashuka hadi kama asilimia 15, lakini hapo amevunja masharti, na muuzaji anaweza kumtoza faini, kupandisha bei au kumfungia mali kauli. Gharama hiyo kanuni haiioni.

Je, ukope benki ili uwahi punguzo? Tuseme riba ya benki ni asilimia 18 kwa mwaka. Kukopa 490,000 kwa siku 20 kutakugharimu 4,833, na punguzo ni 10,000, kwa hiyo unabaki na 5,167. Sasa weka ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia 1, ambayo ni 4,900. Faida inabaki 267, haitoshi hata usumbufu. Ada ikiwa asilimia 1.5 unapata hasara ya zaidi ya 2,000, ingawa 18 inaonekana ndogo sana mbele ya 37. Ada inayotozwa mara moja kwa mkopo wa siku 20 nayo hugeuka riba kubwa ukiipeleka kwenye mwaka, kwa hesabu ileile iliyoikuza ile asilimia 2. Ndiyo maana kwa kazi hii napendelea ovadrafti ambayo ada yake imeshalipwa: hapo unalinganisha riba kwa riba, na unaikopa siku ya 10, si siku ankara inapofika.