PID: kwa nini inkubeta hukwama chini ya joto uliloiwekea

Jirani yangu hapa Nakuru ana inkubeta ya mayai aliyoiwekea digrii 37.5. Mchana ilikaa karibu na hapo, lakini usiku mmoja wa Julai, joto la chumba likishuka hadi digrii 12, joto lilikwama 35.6 mpaka asubuhi. Hita ilikuwa nzima na sensa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu ya kidhibiti.

Chora mashine hiyo kwa visanduku na mishale. Kushoto, joto linalotakiwa linaingia kwenye duara dogo. Hapo joto lililopimwa hutolewa, na kinachobaki ni kosa, `e`. Kosa huingia kwenye kisanduku cha kidhibiti, nacho hutoa amri `u`: hita iwake kwa asilimia ngapi. Hita hupasha sanduku la mayai, sensa hupima, na mshale hurudi kwenye duara ukiwa na alama ya kutoa. Ichunge alama hiyo. Ikiwa ya kujumlisha, joto likipanda hita nayo huongezwa, na mayai yataiva.

Ndani ya kidhibiti cha PID, kosa hupita njia tatu, ndizo P, I na D: kosa lenyewe, jumla yake kwa muda, na kasi yake ya kubadilika. `Kp`, `Ki` na `Kd` ni namba unazochagua kuipa kila njia uzito wake:

```
u = Kp*e + Ki*∫e dt + Kd*de/dt
```

Kidhibiti cha jirani kilitumia ya kwanza pekee, `Kp` ikiwa 20: kila digrii ya kosa huleta asilimia 20 ya nguvu. Usiku ule, kushikilia 37.5 kulihitaji kama asilimia 40. Lakini kosa likiwa sifuri, 20 mara sifuri ni sifuri, na hita huzima. Kwa hiyo joto hushuka hadi kosa likaribie digrii 2, ndipo hita ipate nguvu ya kutosha. `Kp` ikiwa 40, pengo hupungua hadi karibu digrii 1, ila haliishi. Ukizidi kuipandisha, joto huanza kupanda na kushuka bila kutulia, maana joto la hita huchelewa kuifikia sensa.

Njia ya pili hujumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Kosa dogo likidumu, jumla hukua na hita huongezwa; kosa likiisha, jumla hubaki palepale, ikishikilia ile asilimia 40. Hatari yake ni mlango ukiachwa wazi: hita imeshafika asilimia 100, lakini jumla inazidi kurundikana. Ukifunga, joto hupita 37.5 na kukaa juu hadi rundo hilo liishe. Dawa ni kusimamisha ujumlishaji hita inapofika mwisho wa nguvu yake.

Njia ya tatu hutazama kasi ya kosa kubadilika, ikipunguza moto kabla joto halijafika. Lakini sensa ya `DS18B20` hupanda kwa vidaraja vya digrii 0.0625, na kila kidaraja huonekana kama mruko wa ghafla, hita ikashtuka. Kwa inkubeta inayopata joto polepole, mimi huanza na `Kd` sifuri.