Kidonge cha mafua, diazepamu na bia nne: yanayotokea baada ya mtu kulala

Mimi ni daktari wa usingizi. Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa kwa makusudi huku nikiwalinda pumzi zao, na nikiwa kazini siondoki kichwani pa mgonjwa hata kidogo, kwa sababu dawa inayomlegeza mtu fahamu humlegeza pia koo na hamu ya kuvuta hewa. Ndiyo maana huniingia hofu ninaposikia kwamba mtu amechanganya vitu vitatu vya kulegeza ubongo, kisha akaenda kulala bila mtu yeyote wa kumwangalia.

Mgonjwa ninayetaka kumweleza alikuwa mwanamume wa miaka 52, mwangalifu kwa tabia. Alikuwa na mafua, na saa 12 jioni alimeza klofeniramini ya miligramu 4, ile ambayo wengi huiita piritoni. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku alikunywa bia 4 za nusu lita, akakubali kurudishwa nyumbani na rafiki kwa kuwa alijua hapaswi kuendesha gari akiwa amekunywa. Alipofika alimeza klofeniramini nyingine, pamoja na diazepamu ya miligramu 10 aliyoandikiwa kwa ajili ya misuli ya mgongo iliyokaza. Hakuna kidonge hata kimoja alichozidisha, na yeye mwenyewe alipanda kitandani akijiona mzima.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ya kileo ina takriban gramu 20 za kileo halisi, kwa hiyo alikuwa amekunywa gramu 80. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na halikubali kuharakishwa kwa kahawa wala kwa maji ya baridi. Saa 5 usiku, basi, bado alikuwa na gramu 50 au zaidi mwilini. Diazepamu hufika kileleni katika damu baada ya saa moja au moja na nusu, na klofeniramini baada ya saa mbili, tatu au zaidi. Ukizipanga saa hizo utaona kwamba vitu vyote vitatu vilikutana kati ya saa 6 na saa 8 usiku, wakati ambapo usingizi wenyewe tayari umepunguza nguvu ya kupumua. Saa aliyojipima na kujiona mzima haikuwa saa ya hatari.

Kinachomsukuma mtu kuvuta pumzi hasa ni kabonidioksidi. Ikipanda kidogo tu katika damu, shina la ubongo huamuru pumzi iongezwe, na ikipanda zaidi mtu huamka. Benzodiazepini kama diazepamu huongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kujituliza, na kwa sababu huikuza tu ile iliyopo, kidonge cha kawaida kikiwa peke yake ni nadra kumzuia mtu mzima mwenye afya asipumue. Pombe huondoa kinga hiyo, kwa kuwa hufanya kazi papo hapo penye GABA na wakati huohuo huzima njia nyingine zinazouchangamsha ubongo. Kabonidioksidi hupanda, lakini amri ya kupumua huja imechelewa na ni dhaifu.

Klofeniramini na dawa za jamii yake, kama promethazini na difenhidramini, huingia kwa namna nyingine. Ndani ya ubongo histamini ni kemikali ya kumweka mtu macho, na dawa hizi huvuka hadi humo na kuiziba. Kwa kipimo cha kawaida hazimkatizi mtu mzima pumzi zikiwa peke yake. Hata hivyo, katika mchanganyiko huu zinaondoa kile ambacho kingemwokoa, yaani uwezo wa kushtuka na kuamka koo linapoziba. (Kwa watoto wadogo jambo ni zito zaidi: promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa imewahi kusababisha vifo vya kukatika pumzi.)

Mke wa mgonjwa huyu aliamshwa na mkoromo ambao hajawahi kuusikia kwake, mzito, wenye sauti ya majimaji kooni. Kilichomtisha ni kimya kilichofuata. Alihesabu pumzi kwa saa ya simu yake akapata 7 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Alimwita, akamtikisa, hakuamka. Alimgeuza ubavu, kichwa kikiwa kimeelekezwa nyuma kidogo, na pumzi ikarudi kuwa nyepesi. Ulimi uliokuwa umelegea na kuziba njia ya hewa ulikuwa umeanguka mbele. Kisha akaita msaada wa dharura na kuja na maboksi yote ya dawa. Sidhani kama kuna mtu aliyefanya kazi bora kuliko yeye usiku ule. Wengi husikia mkoromo wa aina hiyo wakasema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Pia hakumpa kitu cha kunywa wala hakujaribu kumtapisha, na hapo aliepusha matapishi kuingia kwenye mapafu.

Kuna dawa ya kuzuia kazi ya benzodiazepini, nayo ni flumazenili. Sikuitumia. Haigusi pombe wala klofeniramini, hudumu muda mfupi kuliko diazepamu, na kwa mtu aliyezoea benzodiazepini inaweza kuleta degedege. Tulichofanya ni kuilinda njia ya hewa, kumpa oksijeni na kukaa naye.

Saa 2 asubuhi aliamka, akaniambia, "Daktari, mimi niko sawa kabisa, naomba ruhusa nikachukue gari langu." Kipima ulevi kilionyesha sifuri. Nikamtazama akifunga shati: kifungo cha pili alikiingiza kwenye tundu la tatu, akaendelea hadi chini, akasimama akiwa ameridhika. Nilimwonyesha kola iliyopanda upande mmoja, akashangaa kweli.

Pombe ilikuwa imeisha, lakini nusu ya diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 kuondoka, na ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu ileile kinachodumu zaidi. Klofeniramini nayo mara nyingi huhitaji karibu siku nzima ili ipungue nusu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde 3 tu, ni mita 66 bila dereva. Na kujisikia hakusaidii. Katika utafiti wa Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, watu waliomeza difenhidramini ya miligramu 50 waliendesha katika mtambo wa kuigiza barabara vibaya kuliko walipokuwa wamelewa kiasi cha kileo cha asilimia 0.1 katika damu, na kiwango cha usingizi walichokitaja wenyewe hakikutabiri vema makosa yao.

Nilimweleza hayo, nikamwandikia loratadini badala ya klofeniramini, kwa kuwa haiingii sana ubongoni. Diazepamu alikuwa ameitumia usiku 4 tu, kwa hiyo tuliisimamisha. Angekuwa ameimeza kwa wiki nyingi nisingethubutu, maana kuiacha ghafla huleta degedege, na ingebidi ipunguzwe polepole. Kuhusu gari nilimwambia asubiri siku mbili kamili. Alimkabidhi mkewe funguo bila ubishi, akaanza kufungua vifungo ili avipange upya.