Umekata abonema, lakini siku zako hatujazichukua

Wiki hii ni mara ya tatu. Safari hii ni mama mmoja mwenye kenkayeri pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anatumia programu yetu ya stoku. "Papa, nilishakata abonema, dola zangu mnazituma saa ngapi?" Nikamuuliza kama programu bado inafunguka. "Inafunguka, si nimeuza nayo simenti asubuhi hii!"

Sasa tuelewane. Kitufe cha kukata hakivunji mwezi uliokwisha kulipwa. Kinazuia tu mwezi unaofuata usidaiwe. Mama alilipa dola 30 tarehe 5 Machi, kipindi chake kinaisha tarehe 5 Aprili, na kitufe alikibonyeza tarehe 12. Kipindi kina siku 31, ametumia 7, zimebaki 24. Tukimwacha aendelee hadi mwisho, amepata kila siku aliyoilipia, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Tukimfungia papo hapo, hapo ndipo hesabu ya 30 × 24 ÷ 31 inapoingia, na inatoa dola 23.23. Ni moja au nyingine. Yeye alitaka dola 23 mkononi na simenti iendelee kuuzwa kwenye skrini.

Wateja wanaelewa hapo, kisha wanasema: sawa, nifungie leo, nipe changu. Kwa kawaida tunakataa. Ada ya kupokea malipo hairudi kwetu, kumtumia pesa kwenye simu kuna ada nyingine, na faktira iliyokwisha kutoka na TVA ya 16% inabidi irekebishwe kwa karatasi nyingine. Hizo ni kero ndogo, zisingetosha.

Linaloniudhi ni ile imani kwamba mwezi ni kitambaa, unakata mita unayotaka, zote zina thamani sawa. Nimeona mteja akilipa, siku ya kwanza akaingiza bidhaa zote, siku ya pili akafanya enventeri, siku ya tatu akachapa ripoti na kupakua faili zima la Excel. Siku ya nne akakata, akadai siku 27 kati ya 30. Ni kama kukodi viti vya harusi kwa wiki nzima, ukavirudisha Jumapili asubuhi na kudai siku zilizobaki. Kazi yote ilikwisha Jumamosi! Kugawa kwa siku kunafaa kitu kinachotumika sawasawa kila siku, na programu ya enventeri haiko hivyo. Tukiruhusu, kila mwenye duka mwerevu atakuwa mteja wetu siku tatu kwa mwezi, na sioni kwa nini asiwe.

Kuna wa kumrudishia bila mabishano. Mtu amedaiwa mwezi mpya usiku, anakata asubuhi, na rejista inaonyesha hakuingia hata mara moja tangu adaiwe. Huyo namrudishia zote 30, ada naibeba mimi.

Na kuna kosa ambalo ni letu kabisa. Zamani mwenzetu aliandika programu ikague hali ya abonema badala ya tarehe. Mteja akibonyeza kata, hali ilibadilika kuwa `canceled`, mlango ukafungwa dakika hiyo hiyo, na pesa tukabaki nazo. Huo ni wizi, hata kama hatukukusudia. Tuligundua kwa sababu malalamiko yote yalikuja siku ileile ya kukata, hakuna hata moja la mwisho wa kipindi. Sasa kinachofungua mlango ni tarehe tu:

```sql
SELECT access_until > now() AS open
FROM subscriptions WHERE client_id = 418;
```

Kukata hakugusi tarehe hiyo, `access_until`. Kunazima tu `auto_renew`, swichi ya kudai mwezi unaofuata. Kama una abonema popote, baada ya kukata tafuta tarehe ya mwisho kwenye skrini. Isipoandikwa, piga picha ya skrini na uulize kabla hujagombana.

Kuna kinachonisumbua, nakiri. Mteja akipanda kwenda abonema kubwa katikati ya mwezi, tunamdai tofauti kwa siku zilizobaki, hadi senti. Yaani kugawa siku tunajua tukichukua, tukirudisha tunasahau. Na aliyelipa mwaka mzima kisha akafunga duka mwezi wa pili, nikimwambia "una hadi mwisho wa kipindi" naona aibu, maana atafanya nini na programu ya stoku bila stoku? Hao tunawakadiria mmoja mmoja, na sina kanuni ninayoweza kuitetea mbele ya mhasibu.

Mama wa soko la Kenya alichagua kubaki hadi tarehe 5 Aprili. Kisha akaniuliza kama akibonyeza kuirudisha abonema kabla ya hapo atadaiwa mara mbili. Hapana, mama: `auto_renew` inawaka tena, na utadaiwa tarehe 5 kama zamani.